Sekunde hamsini za Valensia: kufupisha habari ya Kihispania kwa taarifa ya redio jamii

Habari ya gazeti la Kihispania yenye maneno mia saba inatakiwa iingie kwenye taarifa ya habari kwa sekunde hamsini. Kwa kasi yangu ya kusoma, hayo ni maneno tisini hivi ya Kiswahili. Wanaoanza kazi hii hudhani kwamba ugumu uko katika kuchagua ya kuacha. Mimi naona ya kuacha hujulikana upesi. Kinachopotea bila mtu kugundua ni uzito wa kila jambo: lipi limethibitishwa, lipi linasemwa tu, lipi ni malalamiko ya watu. Kihispania huficha uzito huo ndani ya kitenzi, na mfasiri mwenye haraka huuacha huko huko.

Nitatumia habari moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni mafuriko yaliyoikumba Hispania Jumanne tarehe 29 Oktoba 2024, hasa katika eneo la Valensia. Aya ifuatayo nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mazoezi, kwa mtindo wa magazeti ya huko, kama ambavyo ingesomeka Jumatano jioni:

> Al menos 95 personas han muerto por la DANA que desde el martes azota el este y el sur de España. De las muertes, 92 se han registrado en la Comunidad Valenciana, dos en Castilla-La Mancha y una en Málaga. Según la Agencia Estatal de Meteorología, en Chiva cayeron 491 litros por metro cuadrado en ocho horas, casi lo que llueve en un año. Varias personas habrían quedado atrapadas en garajes, según medios locales. Los vecinos denuncian que la alerta a los móviles no llegó hasta las 20.11, cuando el agua ya había entrado en las casas. Los equipos de rescate, que trabajan desde la madrugada del miércoles, buscan a los desaparecidos, cuyo número se desconoce. El Gobierno ha decretado tres días de luto oficial.

Hatua ya kwanza: jua habari ni ya nchi gani, na ya siku gani

Hatua hii inaonekana ya kitoto. Hata hivyo ndiyo iliyonifedhehesha mwaka wangu wa kwanza, nilipoitangaza habari ya Córdoba ya Argentina kana kwamba imetokea Córdoba ya Hispania. Gazeti lilikuwa la Argentina, kwa hiyo mwandishi hakuwa na haja ya kutaja nchi; wasomaji wake walijua. Majina ya miji yalisafiri na wakoloni na kuota mizizi kila mahali. Kuna Valencia Hispania na Valencia Venezuela. Mérida iko Hispania, Meksiko na Venezuela. Guadalajara ya Meksiko ni jiji kubwa sana kuliko ile ya Hispania iliyoipa jina.

Basi kabla ya kusoma aya ya kwanza, tazama gazeti ni la wapi, kisha tafuta ndani ya habari kitu kimoja kinachoifunga nchi: sarafu, jina la wizara, jina la kiongozi. Katika aya yetu neno "España" limo, tena limo "Comunidad Valenciana", ambayo ni mojawapo ya majimbo yanayojitawala ya Hispania. Tumemaliza.

Tarehe ina mtego wake. Magazeti ya Kihispania hupenda kuandika "el martes" au "este martes" bila tarehe, na makala iliyosasishwa mara tano huweza kubaki na "hoy" ya jana. Tafuta tarehe na saa ya kusasishwa, ambayo kwa kawaida huwa chini ya jina la mwandishi ikitanguliwa na neno "Actualizado". Iandike juu ya karatasi yako. Utaihitaji tena kabla ya kwenda hewani.

Hatua ya pili: pasua karatasi katikati

Chora mstari wa wima. Kushoto andika jambo lenyewe kwa Kiswahili, kwa maneno machache. Kulia andika nani anasema, au weka alama ya tiki kama gazeti linalisema lenyewe bila kumtegemea mtu. Usinakili Kihispania hata kidogo, isipokuwa majina. Ukinakili, mkono utaifuata sentensi yao na utaishia kuandika Kiswahili chenye mifupa ya Kihispania.

Karatasi yangu ya habari hii ilitoka hivi. Kushoto: wafu 95 au zaidi, kulia, tiki. Kushoto: Valensia 92, Kastiya-La Mancha 2, Málaga 1, tiki. Kushoto: Chiva, mvua ya karibu mwaka mzima, kulia, idara ya hali ya hewa. Kushoto: watu wamekwama kwenye maegesho ya chini ya majengo, kulia, vyombo vya habari vya huko, *havijathibitisha*. Kushoto: tahadhari ya simu ilichelewa, kulia, wakazi. Kushoto: waliopotea hawajulikani idadi, tiki. Kushoto: maombolezo siku tatu, kulia, serikali.

Safu ya kulia ndiyo kazi yenyewe. Mtu akikuuliza baada ya taarifa, "Hilo la maegesho mmelitoa wapi?", jibu liko pale.

Hatua ya tatu: pita kwenye maneno yenye miguu miwili

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo habari hupinduka.

Anza na "DANA". Ni kifupi cha "depresión aislada en niveles altos", yaani bonge la hewa baridi lililojitenga na mkondo wake na kuelea juu angani; likikutana na hewa ya joto na unyevu kutoka baharini chini yake, hushusha mvua kubwa mahali pamoja kwa muda mfupi. Hispania nzima inalijua neno hilo. Msikilizaji wako halijui, na akilisikia atadhani ni jina la kimbunga. Na hatakuwa mjinga kudhani hivyo: siku chache tu kabla, usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2024, kimbunga kilichoitwa Dana kilikuwa kimeipiga pwani ya Odisha, India. Mhariri aliyeandika "Dana yaua watu 95" wiki hiyo aliwachanganya watu juu ya mabara mawili. Liache neno. Sema mafuriko yaliyotokana na mvua kubwa. Wala usilifasiri kwa "kimbunga" au "tufani", kwa sababu kilichoua hapa ni maji yaliyoshuka mabondeni, si upepo.

Kisha "vecinos". Kamusi itakupa "majirani", na kweli ndiyo maana ya kwanza. Lakini katika habari, "los vecinos de Chiva" ni wakazi wa Chiva. Ukiandika "majirani wanalalamika", msikilizaji atauliza majirani wa nani.

"Denuncian" ni gumu zaidi, kwani lina maana tatu zinazotembea pamoja: kupeleka shitaka polisi au mahakamani, kumlaumu mtu hadharani, na kulalamikia jambo. Linapofuatwa na "ante la policía" au "ante la Fiscalía", ni shitaka. Linapofuatwa na "que" peke yake kama hapa, ni malalamiko. Nimewahi kuona "wakazi wamefungua mashitaka" katika muhtasari wa habari ambayo wakazi walikuwa wamezungumza na mwandishi mlangoni mwa nyumba zao tu. Kosa la namna hiyo msikilizaji hawezi kuligundua. Linapita na kukaa kichwani mwake kama ukweli.

Sasa "habrían quedado atrapadas". Hili ndilo neno ninalomtazama mwanafunzi alivyolishika. Umbo la kitenzi ni la masharti, lile ambalo shuleni tulifundishwa kulifasiri kwa *-nge-* na *-ngali-*. Ukifuata shule utaandika "watu kadhaa wangekwama kwenye maegesho", na kwa Kiswahili maana yake ni kwamba hawakukwama. Umegeuza habari juu chini kwa silabi moja. Waandishi wa Kihispania hulitumia umbo hili kusema: tumesikia, hatujathibitisha. Kiswahili hakina umbo hilo la kitenzi, kwa hiyo uzito huo unaupeleka kwenye neno la mbele: "inaripotiwa kwamba", "kuna taarifa kwamba". Mimi huepuka "inadaiwa" katika mambo kama haya, kwa sababu neno hilo linanuka kesi. Linafaa pale mtu anapotuhumiwa jambo. "Inasemekana" nayo ina harufu ya umbea wa barazani.

Utaijuaje hali hii ukiwa unasoma haraka? Tazama "habría", "habrían", "sería", "estaría", "tendría" ambayo haina "si" karibu yake. Ikiwepo "si", ni masharti ya kweli na *-nge-* inafaa. Isipokuwepo, na hasa ikiwa karibu yake kuna "según", ni tetesi. Katika safu ya kulia ya karatasi yako iandikie *havijathibitisha*, kama nilivyofanya. Wakati mwingine pia ni maneno ya mtu yanayorejelewa, kama vile "el ministro dijo que vendría", yaani waziri alisema angekuja. Hapo hakuna tetesi, ni ahadi yake tu.

Mwisho "no llegó hasta las 20.11". Ukilifuata neno kwa neno utapata "haikufika hadi saa mbili na dakika kumi na moja", na sikio la Mswahili huweza kusikia kwamba haikufika kabisa, kwamba watu walingoja hadi saa hiyo wakakata tamaa. Kihispania kinasema ilifika, ila ilichelewa. Geuza sentensi iwe ya kukubali: "ilifika saa mbili na dakika kumi na moja usiku".

Kuna mengine ambayo hayamo kwenye aya yetu lakini yatakutokea wiki hii hii. "La cartera de Salud" si pochi ya afya, ni wizara ya afya. "El mandatario" ni rais au kiongozi wa nchi. "La Moneda", kama habari ni ya Chile, si sarafu, ni ikulu ya rais wa huko. "Intoxicados" baada ya harusi hawakulewa: wamekula chakula chenye sumu. Ukisitasita, fungua kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Kihispania, `dle.rae.es`, ambayo haina malipo, na usome maana zote za neno, si ya kwanza tu.

Hatua ya nne: tarakimu, na saa

"Al menos 95" ni watu wasiopungua tisini na watano. Si "zaidi ya tisini na watano", ambayo inaanzia tisini na sita, wala "takriban", ambayo inaruhusu tisini na wawili. Tofauti ni ndogo lakini ndiyo inayotofautisha taarifa ya kituo chako na ya kituo kingine saa hiyo hiyo, na wasikilizaji husikiliza vyote viwili.

Lita 491 kwa mita mraba ni kipimo ambacho hakimwambii msikilizaji kitu. Lita moja kwenye mita mraba moja ni milimita moja ya maji, kwa hiyo tunazungumzia milimita 491, karibu nusu mita. Katika kitabu cha jiografia ningeandika milimita. Redioni nina njia mbili: kusema kwamba kama maji yote hayo yangekusanyika bila kuvuja yangemfikia mtu mzima magotini, au kutumia ulinganisho uliomo ndani ya habari yenyewe, yaani karibu mvua ya mwaka mzima. Nimechagua ya pili kwa sababu ni fupi na si yangu. Nina chanzo chake.

"En ocho horas" nayo ina shimo. "Mvua ilinyesha saa nane" humaanisha ilinyesha mchana au usiku saa nane. Lazima useme "kwa muda wa saa nane".

Kuhusu saa yenyewe: 20.11 ya Hispania ni saa mbili na dakika kumi na moja usiku kwa saa za huko. Ukitaka kuigeuza kwa saa za Afrika Mashariki, kumbuka kwamba Hispania hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Tarehe 27 Oktoba 2024 walikuwa wamezirudisha nyuma, kwa hiyo siku ya mafuriko tofauti ilikuwa saa mbili. Wiki moja kabla ilikuwa saa moja. Ushauri wangu ni kutogeuza. Jambo la maana kwa msikilizaji ni kwamba ilikuwa usiku na maji yalishaingia, si kwamba yeye wakati huo alikuwa ameshalala. Sema "kwa saa za huko" na uendelee.

"La madrugada del miércoles" inanifurahisha kila mara, kwa kuwa hapa Kiswahili kina neno bora kuliko lugha nyingi: usiku wa kuamkia Jumatano. Ni zile saa za baada ya usiku wa manane hadi kabla ya alfajiri. Lakini jihadhari na mwenzake, "la noche del martes". Ukiandika "usiku wa Jumanne", wazee wanaohesabu siku kuanzia magharibi watasikia usiku ule uliotangulia Jumanne. Andika "Jumanne usiku", na hakuna atakayekosea.

Nukta na mkato sitakaa nazo sana, ila fedha zinahitaji uangalifu. Siku saba baada ya mafuriko, tarehe 5 Novemba, serikali ya Hispania ilitangaza msaada wa "10.600 millones de euros". Nukta hapa inatenga maelfu, kwa hiyo ni milioni elfu kumi na mia sita, yaani euro bilioni kumi nukta sita. Neno "billón" la Kihispania ni milioni mara milioni, ambayo sisi tunaiita trilioni. Ukiliacha liitwe bilioni, umepunguza fedha mara elfu moja. Na magazeti ya Meksiko hutumia alama kinyume: mkato kwa maelfu, nukta kwa sehemu ya kumi. Ndiyo maana tulianza na nchi.

Hatua ya tano: funika makala, andika

Geuza skrini au ifunge kabisa. Andika ukitazama karatasi yako tu. Hii ndiyo rasimu ya mwanafunzi mmoja aliyeandika makala ikiwa wazi mbele yake:

"Angalau watu 95 wamekufa kwa DANA ambayo tangu Jumanne inapiga mashariki na kusini mwa Hispania. Kati ya vifo, 92 vimeandikishwa katika Jumuiya ya Valensia, viwili Kastiya-La Mancha na kimoja Málaga, huku lita 491 kwa mita mraba zikianguka Chiva katika saa nane, kwa mujibu wa Wakala wa Taifa wa Hali ya Hewa."

Kila neno lina asili yake kwenye makala, na bado hakuna msikilizaji atakayeshika kitu. Sentensi ya pili ina tarakimu tano. Chanzo kimekuja mwishoni, wakati sikio limeshameza takwimu kama jambo la hakika. Msomaji wa gazeti hurudisha macho nyuma, msikilizaji hana pa kurudi. "Jumuiya ya Valensia" inasikika kama chama cha ushirika. "Inapiga" kwa "azota" ni picha ya Kihispania ya mjeledi. Sisi husema janga limekumba mahali.

Nilipoandika mimi nilianza na mahali, nikaweka idadi moja tu kubwa, na mgawanyo wa majimbo nikaubana kuwa maneno machache:

"Nchini Hispania, watu wasiopungua tisini na watano wamefariki dunia kutokana na mafuriko yaliyolikumba eneo la mashariki na kusini mwa nchi hiyo tangu jana, Jumanne. Karibu wote wamefia katika jimbo la Valensia. Idara ya hali ya hewa inasema mji wa Chiva ulipata karibu mvua ya mwaka mzima kwa muda wa saa nane tu. Waokoaji bado wanawatafuta watu wasiojulikana walipo, ambao idadi yao haijafahamika. Wakazi wanalalamika kwamba tahadhari ilifika kwenye simu zao baada ya saa mbili usiku, maji yakiwa yameshaingia majumbani. Serikali imetangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa."

Ni maneno themanini na kitu. Kumbuka nilivyoondoa maegesho. Lilikuwa jambo zito, lenye kuumiza, na ndiyo sababu sikutaka kulitangaza likiwa tetesi wakati kuna mambo sita yasiyo tetesi. Kama ningekuwa na sekunde kumi zaidi, ningeongeza: "Vyombo vya habari vya huko vinaripoti kwamba watu kadhaa wamekwama kwenye maegesho ya magari ya chini ya majengo, lakini taarifa hizo hazijathibitishwa." Bila sehemu ile ya pili, nisingeigusa. Na saa 20.11 imekuwa "baada ya saa mbili usiku": dakika kumi na moja ni za tume ya uchunguzi, si za sikio.

"Wamefariki dunia" nimelichagua badala ya "wameuawa", ingawa wengine hupenda "mafuriko yaua". Katika kichwa cha gazeti sawa. Mtangazaji akilisoma polepole linatafuta muuaji.

Hatua ya sita: msomaji atatamka nini?

Msomaji wa taarifa huenda hajui Kihispania, na karatasi yako ndiyo mwalimu wake. Bahati yetu ni kwamba irabu za Kihispania ni zile zile tano, na mkazo mara nyingi huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Isipokuwa pale penye alama juu ya irabu, au neno linapoishia kwa konsonanti isiyo n wala s, kama Madrid. Málaga husomwa MÁ-laga. Ukiandika bila maelezo, Mswahili atasema ma-LÁ-ga. Mwandikie pembeni kwa herufi kubwa ile silabi yenye mkazo.

Herufi zinazosumbua ni chache. J husomwa kama *kh* au *h* nzito, kwa hiyo Jalisco ni Halisko. LL husomwa kama *y*, ndiyo maana niliandika Kastiya. H haisomwi. Ñ ni *ny* ya nyama. Chiva, na Paiporta, mji mwingine uliokumbwa na mafuriko hayo, zisome zilivyo. Usijitie kutamka *th* ya Madridi katika Valensia. Amerika ya Kusini hawaitamki, na redioni inasikika kama kibogoyo.

Kisha isome mwenyewe kwa sauti, saa mkononi. Nilipoisoma hii mara ya kwanza nilikwama kwenye "watu wasiojulikana walipo, ambao idadi yao". Niliiacha, lakini kama msomaji wako ana pumzi fupi ikate iwe sentensi mbili.

Hatua ya saba: dakika tano kabla ya kwenda hewani

Fungua makala tena. Idadi ya wafu katika janga la namna hii haikai mahali pamoja. Hatimaye mafuriko hayo yaliua watu zaidi ya 220. Linganisha na chombo cha pili, kama shirika la habari la Hispania, EFE, na kama idadi zinatofautiana chukua ile inayotaja mamlaka iliyoitoa, na uitaje mamlaka hiyo.

Alhamisi jioni utakuta sentensi kama "el número de muertos asciende a 158". "Ascender a" ni kufikia jumla fulani. Wafu wapya 158 wangeandikwa "158 más". Nilikuta katika rasimu moja mtu amejumlisha tisini na watano na mia hamsini na wanane, akapata mia mbili hamsini na watatu, tena akaandika kwa maneno kwa uangalifu mkubwa. Tuliiona kwa sababu safu ya kulia ilikuwa tupu: hakuna mtu aliyekuwa ameisema idadi hiyo. Tukaandika: "Idadi ya waliofariki dunia katika mafuriko ya Hispania imefikia mia moja hamsini na wanane, kutoka tisini na watano hapo jana."